Mchango unaofuata giza na mavuno: mwongozo wa kikundi cha akiba kwa wavuvi na wakulima wa Tanga

Vikundi vingi vya hisa vya ukanda wa Tanga vina kanuni inayofanana: mnakutana kila wiki, kila mwanachama ananunua hisa isiyopungua moja na zisizozidi tano, na asiyeleta anapigwa faini. Kanuni hiyo inamfaa muuza chapati, mwenye genge na dereva wa bodaboda, kwa kuwa pesa yao inaingia kidogo kidogo kila siku. Baharia wa mtando, yaani wavu wa dagaa, na mkulima wa machungwa inawaumiza mara mbili. Wakiwa hawana kitu, wanadaiwa hisa na faini. Wakiwa nacho, kikomo cha hisa tano kinawarudisha nyumbani na pesa mfukoni, na pesa ya aina hiyo haikai. Ukifungua daftari la kikundi cha namna hii utaona majina ya wavuvi yanaanza kukatika mwezi wa sita, na wachache wanaorudi baadaye wanarudi wakiwa na deni la faini.

Upatu una tatizo hilo hilo, tena zaidi, kwa sababu ukishapokea zamu yako unalazimika kulipa kiasi kile kile kila mzunguko hata bahari ikichafuka. Kwa hiyo hapa nitauacha kando na kushughulika na kikundi cha hisa, ambacho kanuni zake zinabadilika bila kukivunja.

Nimekichukua kikundi cha kijiji kama Kigombe, wilayani Muheza, kwa sababu pale barabara ya Tanga kwenda Pangani inapita katikati ya watu wa aina mbili: wavuvi upande wa bahari, na wakulima wenye mashamba ya minazi, mihogo na, ukipanda kuelekea Muheza mjini, machungwa. Viwango vya pesa nitakavyotumia ni vya mfano, mvibadilishe kulingana na hali yenu. Hesabu zenyewe ndizo za kushika.

Hatua ya kwanza: choreni mwaka wenu wa pesa

Kabla ya kugusa katiba, kaeni Ijumaa moja baada ya sala, siku ambayo vyombo vingi havitoki. Tandikeni karatasi kubwa chini, gaweni safu 12 za miezi, kila mwanachama apewe punje 24 za mahindi. Mwambieni azigawe kwa miezi kadiri pesa inavyoingia nyumbani kwake kwa mwaka wa kawaida. Wavuvi watumie punje nyeupe na wakulima za njano, au weka kokoto kwa upande mmoja. Katika nusu saa mtakuwa na picha ambayo hata mweka hazina wa miaka mingi hakuwahi kuiona.

Kwa wavuvi, punje zitajaa kwenye kaskazi, tangu Novemba hadi Machi hivi, bahari inapokuwa na utulivu wa kutosha kwa vyombo vidogo kufika mbali. Masika yakiingia, wanaoanika dagaa wanapata shida ya jua. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, siku za kutoka zinapungua na vyombo vidogo vinashinda vimevutwa mchangani. Ndani ya kila mwezi kuna mgawanyo mwingine: mtando wa dagaa unategemea taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo pesa inaingia wakati wa giza, halafu mwezi ukikaribia kukamilika wavuvi wanakaa nchi kavu, wanashona nyavu na kusubiri.

Mkulima wa machungwa yuko kinyume chake. Machungwa ya Muheza yanaiva kwa wingi kuanzia katikati ya mwaka, yaani pale pale kusi linapowafunga wavuvi. Punje zake zitarundikana Juni, Julai na Agosti, kisha miezi mirefu ya karibu na sifuri.

Hapo ndipo penye nguvu ya kikundi mchanganyiko. Kikundi cha mabaharia peke yao wote wana pesa siku moja na wote wanataka mkopo siku moja, kwa hiyo kisanduku kinajaa wakati hakuna mkopaji na kinakauka wakati kila mtu anakopa. Mkiwachanganya watu wa kaskazi na watu wa machungwa, pesa ya mkulima ya Julai inamvusha mvuvi kwenye kusi, na marejesho ya mvuvi ya Desemba na Januari yanamkuta mkulima akihitaji ada ya shule na pesa ya palizi. Ningependa theluthi moja ya wanachama angalau watoke upande ambao si wa wengi. Mkiangalia ile karatasi na kukuta punje zote zimelundikana miezi ile ile, tafuteni wanachama wengine kabla ya kuendelea.

Kwenye karatasi hiyo hiyo wekeni alama za matumizi makubwa: Januari shule zinapofunguliwa, na Idi. Idi inahitaji uangalifu, kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Mwaka 2026 imeangukia Februari na Machi. Ikifika 2030 itaanza Januari, pamoja na ada za shule. Kikundi kilichopanga tarehe zake mara moja tu kitashtuka miaka michache baadaye.

Hatua ya pili: hesabuni mchango kwa giza au kwa mavuno, acheni wiki

Badala ya kusema kila mtu atoe 5,000 kila wiki, semeni kila mtu atoe sehemu ya kilichoingia, kila kinapoingia. Kwa mvuvi, kipimo kizuri ni giza moja. Kuna vyombo vinavyogawana kila asubuhi na vingine vinavyopiga hesabu giza likiisha, lakini hata wale wa kila asubuhi wanaweza kujumlisha kwenye daftari dogo.

Kumbukeni mgao wenyewe unavyotoka. Mauzo yakishapatikana, kwanza yanatolewa matumizi: mafuta, chakula cha safari, ushuru. Kinachobaki kinagawanywa kati ya chombo, yaani mwenye boti, mashine na nyavu, na mabaharia, kila chombo kwa makubaliano yake. Mchango wa kikundi uhesabiwe kwenye fungu la baharia peke yake, baada ya hayo yote. Mkiuhesabu kwenye mauzo, baharia anachangia hata pesa ya mafuta ambayo hakuiona.

Halafu wekeni kiasi kisichoguswa. Kiiteni pesa ya jiko. Tuseme mmekubaliana kwamba 80,000 za kwanza za kila giza ni za chakula cha nyumbani na haziguswi, na kinachozidi hapo kinachangiwa robo. Hebu tumfuate baharia mmoja kwa magiza sita, Oktoba hadi Machi:

Giza la Oktoba alipata 310,000. Ukitoa pesa ya jiko inabaki 230,000, robo yake ni 57,500.

Giza la Novemba lilikuwa baya, 90,000. Kilichozidi ni 10,000, mchango 2,500.

Desemba bahari ilijibu: 420,000, mchango 85,000.

Januari 180,000, mchango 25,000.

Februari 260,000, mchango 45,000.

Machi 140,000, mchango 15,000.

Jumla ni 230,000. Litazameni giza la Novemba. Kwa kanuni ya zamani mtu huyu angedaiwa hisa moja ya 5,000 kila wiki, yaani 20,000 kutoka kwenye 90,000, na huenda angezikopa kwa tajiri wa chombo. Kwa kanuni hii ametoa 2,500, hana faini, hana aibu, na Desemba amelipa mkupuo ambao kikomo cha hisa tano kingemzuia kuuleta. Giza ambalo mgao haukufika 80,000, anaandikiwa sifuri, na sifuri hiyo iandikwe kabisa kwenye daftari. Nafasi iliyoachwa wazi haimwambii mtu kama mwanachama hakupata kitu au hakuja.

Kwa mkulima wa machungwa kanuni ni ile ile, ila tukio ni mauzo ya shamba. Anatoa kwanza gharama za wachumaji na usafiri, kisha pesa ya jiko ya kwake iwe kubwa zaidi, kwa sababu mkupuo wake unapaswa kumlisha miezi mingi. Mkiwapa wavuvi na wakulima pesa ya jiko sawa kwa kila tukio, mtamwonea mkulima: mvuvi anaitoa mara sita au zaidi kwa mwaka, yeye mara mbili au tatu. Njia rahisi ni kuipanga kwa mwaka. Ikiwa mvuvi kwa magiza sita analindiwa 480,000, mkulima anayeuza mara mbili alindiwe 240,000 kila mauzo.

Hatua ya tatu: kata mchango kabla haujafika mfukoni, lakini angalieni nani anaukata

Pesa ya mkupuo inapaswa kukatwa pale inapogawanywa. Njia inayofanya kazi ni mwanachama kusaini hati fupi mwanzoni mwa msimu inayosema kiwango chake, pesa ya jiko na nani anayemruhusu kukata. Nahodha au karani wa chombo anayepiga hesabu anatoa mchango na kuupeleka kwa mweka hazina siku hiyo hiyo, mbele ya baharia mwingine mmoja, na wote wawili wanaweka alama kwenye daftari.

Mchango huo usikae kwa mwenye chombo hata kama ni mtu mwaminifu. Mwenye chombo mara nyingi ndiye anayewakopesha mabaharia wakati wa kusi. Akishika na michango yao, siku moja atajilipa deni lake humo, na kwa mazoea ataona ana haki ya kufanya hivyo. Akiba ya baharia inageuka rehani bila yeye kujua. Kama mwenye chombo ni mwanachama wa kikundi, achangie kama wengine, ila asiwe mweka hazina na asishike ufunguo wa kisanduku.

Mkupuo pia ni mzito kwa kisanduku. Kikundi kilichozoea kushika 150,000 usiku mmoja kinaweza kujikuta na milioni kadhaa giza la Desemba likiisha. Kisanduku cha funguo tatu kiwe cha pesa ndogo, na kinachozidi kiasi mlichokubaliana kiende benki au akaunti ya kikundi ya simu, kama M-Koba ya Vodacom, ambapo pesa haitoki bila wenye dhamana kuidhinisha. Faida nyingine ya akaunti ya simu ni kwa waliokwenda dago: baharia aliye Pemba au Mafia anatuma mchango wake kutoka huko na jina lake halikatiki.

Hatua ya nne: gaweni mkupuo kwenye mafungu manne, kwa mpangilio

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu. Pesa yote inaingia kwenye hisa, hisa zinakopeshwa, na kusi likija mwanachama hana cha kuchukua ila mkopo juu ya pesa yake mwenyewe. Pangeni mafungu manne, na mchango ujaze la kwanza ndipo uende la pili.

Fungu la kwanza ni bima ya afya ya kaya. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, CHF, ulijengwa kwa mtindo unaomfaa mtu wa msimu: kaya ya watu 6 ililipa 30,000 mara moja kwa mwaka. Viwango na mipango ya bima vinabadilika, kwa hiyo ulizieni zahanati au ofisi ya kijiji kiasi cha sasa kabla ya kuandika kwenye katiba. Kitu cha kuangalia zaidi ni tarehe. Bima ya mwaka inaisha tarehe ile ile uliyoanza. Aliyejiunga Julai kwa kukopa atatafuta pesa ya kuihuisha kila Julai, mwezi mbaya kuliko yote kwa mvuvi. Basi wavuvi wajiunge Novemba au Desemba, wakulima wa machungwa Julai, na kikundi kilipe kwa makundi hayo mawili.

Fungu la pili ni mfuko wa jamii, ule wa misiba, ajali na ugonjwa. Kiasi chake kiwe sawa kwa kila mtu kwa mwaka, tuseme 20,000, na kilipwe chote mapema kwenye msimu wa mtu husika.

Fungu la tatu ni akiba ya ukame wa pesa. Kwa mvuvi ni akiba ya kusi. Pesa hii ni ya mtu binafsi, haikopeshwi kwa yeyote na haipati faida. Inatoka kwa utaratibu: kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, mwenyewe anapewa sehemu moja kila wiki.

Fungu la nne ni hisa, zinazokopeshwa na kuzaa.

Tumrudie baharia wetu wa 230,000. Giza la Oktoba alileta 57,500: 30,000 zikatengwa za bima, 20,000 mfuko wa jamii, 7,500 zikaanza akiba ya kusi. Mpaka Machi mafungu mawili ya kwanza yamechukua 50,000, na 180,000 zilizobaki ameziweka hivi: 100,000 akiba ya kusi na 80,000 hisa, yaani hisa 16 za 5,000. Kuanzia Juni anapokea 10,000 kila Ijumaa kwa wiki kumi. Shilingi elfu kumi kwa wiki hailishi kaya. Lakini inanunua unga na mafuta ya taa wiki ambayo chombo hakikutoka, na inamwezesha kukataa mkopo wa tajiri ambao masharti yake ni kuuza samaki wa kaskazi ijayo kwa bei atakayopanga mkopeshaji.

Wapo watakaoomba wapewe akiba ya kusi yote kwa pamoja mwezi wa tano. Ningewakatalia, isipokuwa kwa ugonjwa au nyumba kuanguka, na sababu ni ile ile iliyowafanya waanzishe fungu hilo.

NSSF na swali la miezi

NSSF inapokea wanachama waliojiajiri, wakiwemo wavuvi na wakulima, nao wanaweza kulipa kwa simu kwa namba ya malipo. Kwa mtu wa mkupuo kuna swali moja la kuuliza kabla hajatuma hata shilingi: pesa hii itaandikwa kuwa mchango wa miezi mingapi?

Sababu ni hii. Pensheni ya uzee ya mfuko huo inadai michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15 kwa anayelipa bila kukosa. Mvuvi anayelipa magiza sita tu kwa mwaka, kila moja likaandikwa mwezi mmoja, anakusanya miezi sita kwa mwaka. Miezi 180 itamchukua miaka 30. Akianza akiwa na miaka 40 atafika 70. Lakini akilipa jumla ile ile kwa namna ambayo inagawanywa miezi 12, na kila mwezi ukatimiza kiwango cha chini, anafika kwa miaka 15. Pesa ni moja, maandishi ndiyo yaliyotofautiana.

Kwa hiyo kikundi kimteue mtu mmoja aende ofisi ya mfuko mjini Tanga na majina ya wanachama wanaotaka, aulize kiwango cha chini cha mwezi, aulize kama mkupuo unaweza kuandikwa kwa miezi iliyopita au ijayo, na arudi na jibu la maandishi. Baada ya malipo ya kwanza kila mmoja aombe taarifa ya michango yake na ahesabu miezi, asiridhike na jumla ya pesa. Kama mkupuo wa Desemba umeonekana kama mwezi mmoja wenye pesa nyingi, ni rahisi kuurekebisha ukiwa na wiki mbili kuliko ukiwa na miaka kumi. Na mwenye mgao mdogo kama yule baharia wetu, asilipe NSSF kwa kuacha akiba ya kusi. Akiacha, atakopa Julai, na deni la Julai litameza mchango wa Desemba.

Hatua ya tano: mkopo urudi pesa inaporudi

Mkopo wa marejesho ya kila mwezi haumfai mtu wa msimu. Mvuvi akikopa 150,000 mwezi Juni kwa ajili ya kurekebisha nyavu, msimdai Julai, Agosti na Septemba. Mwandikieni alipe kwa magiza matatu: Oktoba, Novemba, Desemba, 50,000 kila moja, au robo ya kinachozidi pesa ya jiko, kipi kikubwa. Giza likiwa baya kiasi cha kukosa hata hiyo, marejesho yanasogea giza linalofuata bila faini, lakini mara moja tu.

Mkulima naye akikopa Februari kwa palizi, deni lake lifike Julai. Hapa pana mgongano na kuvunja kisanduku, yaani kugawana fedha mwisho wa mwaka wa kikundi, nitaueleza hivi punde.

Upande wa faida ya mkopo, Waislamu wengi wa pwani hawataki riba, na ni haki yao kutaka kikundi kisicho nayo. Kikundi kinaweza kukopesha bila ongezeko, na faida ikatafutwa kwenye biashara ya pamoja, kwa mfano kununua dagaa wakiwa wengi, kuwaanika na kuwauza baadaye, huku hasara na faida vikiwa vya wote kwa kadiri ya fedha zao. Tahadhari ni kwamba biashara hiyo inafunga pesa. Msiweke humo zaidi ya robo ya hisa, na dagaa wawe wameshauzwa kabla ya masika.

Hatua ya sita: gaweni faida kwa hisa na miezi

Ukiruhusu mkupuo bila kubadilisha namna ya kugawana, umefungua mlango wa dhuluma. Mtu anaweza kuleta hisa nyingi mwezi wa mwisho, pesa ambayo haikukopeshwa hata siku moja, akaondoka na faida sawa na aliyeweka tangu mwanzo. Vikundi vya kila wiki havilioni sana tatizo hili kwa sababu wote wanapanda pamoja.

Dawa ni kuzidisha hisa kwa miezi zilizokaa. Tuseme mwaka wenu unaanza Juni mosi na kuisha Mei 31. Mkulima wa machungwa alinunua hisa 60 mwisho wa Julai. Zimekaa Agosti hadi Mei, miezi 10: 60 mara 10 ni 600. Nahodha alinunua hisa 40 mwisho wa Desemba, zikakaa miezi 5, ambayo ni 200, na nyingine 20 mwisho wa Februari, miezi 3, ambayo ni 60. Jumla yake 260. Wote wawili wana hisa 60.

Kama faida ya kugawana kati yao ni 43,000, kwa mtindo wa zamani kila mmoja angepata 21,500. Kwa mtindo huu mnagawanya 43,000 kwa 860, mnapata 50. Mkulima anachukua 30,000 na nahodha 13,000. Ni sawa, kwa sababu pesa ya mkulima ndiyo iliyokopeshwa wakati wa kusi, tena pengine kwa nahodha mwenyewe. Mhesabu fedha anahitaji safu moja tu ya ziada kwenye daftari, na aijaze siku hisa inaponunuliwa. Akisubiri Mei kutakuwa na ugomvi.

Kuvunja kisanduku mwisho wa Mei kunawafaa wavuvi: hisa zao zinarudi mkononi kusi linapoanza, juu ya akiba yao ya kila wiki. Mkulima aliyekopa Februari bado hajavuna. Kwake wekeni kanuni kwamba mkopo wa kuvuka Mei usizidi thamani ya hisa zake. Siku ya kugawana deni linakatwa humo humo, anapewa kilichobaki, na akivuna Julai anaanza kununua upya. Bila kanuni hiyo kikundi kitagawana madeni badala ya pesa.

Mambo yanayoharibika, na dalili zake

La kwanza ni kuficha mgao. Mtu anataja 120,000 wakati alipata 250,000. Kwa mabaharia ni rahisi kugundua, kwa kuwa waliotoka chombo kimoja wenye fungu sawa wanapaswa kuandika sawa. Linganisheni mistari ya chombo kimoja kila giza. Kwa wakulima ni vigumu zaidi, na mimi nisingejaribu kuwapeleleza: wao waseme mwanzoni mwa msimu idadi ya hisa watakazonunua, wahukumiwe kwa ahadi hiyo.

La pili ni hisa za mkopo. Mkiona mtu amechukua mkopo na kununua hisa siku moja, au wiki moja, ameanza kukopa ili aonekane mwanachama mzuri. Mara nyingi ni dalili kwamba pesa yake ya jiko imepangwa chini mno. Ipandisheni kabla hamjamlaumu.

La tatu ni giza la kabla ya Idi. Watu watataja mgao mdogo, na wana sababu. Tangazeni mapema kwamba giza hilo linachangiwa nusu ya kawaida, na fidia inachukuliwa kwenye giza nono lililotangulia. Mkiachia kila mtu ajipunguzie mwenyewe, desturi hiyo itahamia kwenye magiza mengine.

La nne ni kaskazi nzima kuwa mbaya. Hapa kanuni ya robo inashuka yenyewe, hakuna faini, lakini akiba ya kusi itakuwa nusu na madeni ya Juni hayatarejeshwa yote. Ndiyo maana mikopo ya wavuvi wote pamoja isizidi nusu ya fedha za hisa, hata kisanduku kikiwa kimejaa na waombaji ni wengi. Na mashine ikizama au mtando ukachanika wote, kikundi cha watu ishirini au thelathini hakina ubavu wa kuurudisha. Mfuko wa jamii ulishe kaya za mabaharia wiki hizo, chombo kitafutiwe mkopo mahali pengine.

Mkishakubaliana haya yote, yaandikeni kwenye katiba: kiwango, pesa ya jiko, mafungu manne kwa mpangilio wake, hesabu ya hisa na miezi, na tarehe ya kuvunja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi vya namna hii daraja la nne na kuvitaka vijisajili, na maombi yanapitia halmashauri, kwa hiyo anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kama kikundi tayari kimesajiliwa kwa kanuni ya hisa za kila wiki, badilisheni katiba kwa mkutano wenye muhtasari uliosainiwa na mpeleke nakala. Wakati mzuri wa kufanya mabadiliko ni mwezi Mei, mkishagawana na kisanduku kikiwa kitupu, kwa sababu hakuna hisa ya mtu inayohesabiwa kwa kanuni mbili.